Dhahabu kwa Mkupuo au kwa Awamu?

Mwanzoni mwa Septemba 2011, wakia moja ya dhahabu ilifika dola 1,895 kwenye soko la London. Ilikuwa imepanda mwaka hadi mwaka kwa muongo mzima, na aliyeingia siku hizo aliona anaingia kwenye jambo lililokwisha kuthibitika. Miaka minne baadaye, katikati ya Desemba 2015, wakia hiyohiyo iliuzwa karibu dola 1,050. Ilikuwa imeshuka miaka mitatu mfululizo na wengi walikuwa wameshaipa mgongo.

Kati ya tarehe hizi mbili ndipo swali linapokaa. Mtu ana fedha na ameshaamua kununua dhahabu. Je, aitoe yote siku moja kwa bei moja, yaani kwa mkupuo? Au aigawe mafungu sawa na kununua kila mwezi, bei iwe juu au chini, yaani kwa awamu? Kila upande una watetezi wanaoapa kwa uzoefu wao. Ukichunguza, mara nyingi uzoefu huo ni tarehe waliyoanzia tu.

Hesabu mbili, fedha ileile

Tuchukue watu wawili waliokuwa na dola 9,600 kila mmoja mwezi Septemba 2011. Wa kwanza alinunua yote kwa dola 1,895 na akapata wakia 5.07. Wa pili aliigawa: dola 100 kila mwezi kwa miaka minane, kuanzia Januari 2012 hadi Desemba 2019. Ili hesabu isiwe ndefu, tutumie wastani wa bei wa kila mwaka. Mwaka 2012 wastani ulikuwa dola 1,669, na dola zake 1,200 za mwaka ule zikampa wakia 0.72. Mwaka 2015 wastani ulishuka hadi 1,160, na dola 1,200 zilezile zikampa wakia 1.03. Mwisho wa 2019 alikuwa na wakia 7.27, na kila wakia ilikuwa imemgharimu dola 1,320 kwa wastani. Dhahabu yake ilizidi ya mwenzake kwa asilimia 44. Mwenye mkupuo alisubiri hadi Julai 2020, karibu miaka tisa, ndipo bei ikarudi pale alipoingilia.

Sasa tusogeze tarehe. Watu wengine wawili, dola 9,600 zilezile, lakini wanaanza mwisho wa Desemba 2015, wakia ikiwa dola 1,060. Wa mkupuo anapata wakia 9.06. Wa awamu anaanza Januari 2016 na kumaliza Desemba 2023. Mwanzoni ananunua kwa bei ya 1,250 hivi, kisha 2020 bei inaruka hadi wastani wa 1,770, na mwaka wa mwisho ananunua kwa 1,941. Anamaliza na wakia 6.35, kwa wastani wa dola 1,511 kila moja. Safari hii mwenye mkupuo ndiye aliyemzidi mwenzake, kwa asilimia 43.

Asilimia 44 upande mmoja, asilimia 43 upande wa pili. Njia ni zilezile na fedha ni ileile. Kilichobadilika ni mwezi wa kuanza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba awamu hushinda, au kwamba mkupuo hushinda, muulize kwanza alianza lini.

Tuongeze jambo moja kwa haki ya wote. Yule wa awamu aliyeanza 2016 hakupata hasara. Mwisho wa 2023 wakia ilikuwa zaidi ya dola 2,050, wakati yeye alikuwa amenunua kwa wastani wa 1,511. Alipata faida, ila ndogo kuliko ya mwenzake. Yule wa mkupuo wa 2011 ndiye aliyekaa miaka tisa akitazama namba iliyo chini ya aliyolipa. Hasara ya kuchelewa na hasara ya kuingia kileleni hazina uzito mmoja moyoni mwa mtu, na hata mfukoni hazifanani, hasa kama fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto au ya matibabu na ikabidi dhahabu iuzwe katikati ya njia.

Faida ya hesabu ni ndogo kuliko inavyosemwa

Watetezi wa awamu hupenda kueleza kwamba fungu lisilobadilika hununua gramu nyingi bei ikishuka na gramu chache bei ikipanda, kwa hiyo wastani wa gharama yako huwa chini ya wastani wa bei. Ni kweli, na inathibitika kwa urahisi. Gramu ikiwa dola 50 mwezi huu, dola 100 zinakupa gramu mbili. Mwezi ujao ikiwa dola 100, unapata gramu moja. Umelipa dola 200 kwa gramu tatu, yaani dola 67 kwa gramu, wakati wastani wa bei mbili ni dola 75. Aliyeamua kununua gramu moja kila mwezi, badala ya fedha sawa kila mwezi, angelipa dola 75 kamili. Ndiyo maana kinachopaswa kubaki palepale ni kiasi cha fedha, wala si uzito.

Lakini mfano huo umeipandisha bei maradufu ndani ya mwezi mmoja, na dhahabu haiendi hivyo. Turudi kwenye miaka ile minane ya 2012 hadi 2019. Wastani wa kawaida wa bei za miaka hiyo ni dola 1,334. Mnunuzi wetu wa awamu alilipa 1,320. Tofauti ni dola 14, takriban asilimia moja. Hiyo ndiyo faida yote itokanayo na hesabu yenyewe. Sehemu kubwa ya ushindi wake juu ya mwenye mkupuo ilitokana na bei kushuka baada ya 2011, jambo ambalo hakulijua wala hakulisababisha.

Kinachokingwa na kisichokingwa

Basi awamu hukinga nini? Hukinga dhidi ya siku moja mbaya. Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2013 na Jumatatu iliyofuata, dhahabu ilianguka kutoka zaidi ya dola 1,550 hadi chini ya 1,400. Aliyenunua yote Alhamisi alipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya fedha yake kabla ya wiki kwisha. Aliyenunua fungu moja kati ya kumi na mbili alipoteza kidogo, kisha akaendelea kununua kwa bei ya chini.

Lakini awamu haikingi dhidi ya kipindi kizima kibaya. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850, na haikuiona tena bei hiyo hadi Januari 2008. Aliyeweka kiasi kilekile cha dola kila mwaka kuanzia 1981 hadi 2000 alinunua kwa wastani wa takriban dola 360 kwa wakia. Mwaka 2001 wastani wa bei ulikuwa 271. Alikuwa na subira na hakukosa hata awamu moja, na bado baada ya miaka ishirini alikuwa chini kwa robo nzima, kabla hata ya kuhesabu mfumuko wa bei. Ukichovya maji kidogo kidogo kwenye kisima kinachokauka, bado kisima kinakauka.

Serikali nazo zimekutana na mpaka huu, kwa upande wa kuuza. Mei 1999 Uingereza ilitangaza kwamba itauza zaidi ya nusu ya akiba yake ya dhahabu. Haikuuza kwa mkupuo. Iligawa mauzo katika minada 17, kuanzia Julai 1999 hadi Machi 2002, jumla ya tani 395 hivi, ili isitegemee bei ya siku moja. Ilipata wastani wa takriban dola 275 kwa wakia. Kugawa kulitimiza kazi yake, kwa maana hakuna mnada mmoja uliobeba mzigo wote. Lakini miaka ile mitatu yote ilikuwa chini kabisa ya bonde, na kabla ya muongo kwisha bei ilikuwa imepita dola 1,000. Awamu zililainisha utekelezaji, wala hazikuuokoa uamuzi.

Fedha inayosubiri

Hapa inabidi kutenganisha watu wawili wanaochanganywa mara kwa mara. Anayeweka sehemu ya mshahara kila mwezi hana swali la kujibu. Mkupuo hana; ananunua kadiri anavyopata. Swali ni la yule ambaye fedha iko mkononi tayari: aliyelipwa mafao, aliyeuza kiwanja, aliyepata mirathi, au mwanakikundi aliyepokea mgawo wa kikoba mwisho wa mwaka. Kwake yeye, kununua kwa awamu maana yake ni kuacha fedha nyingine ikisubiri. Na fedha inayosubiri ina gharama yake, au ina faida yake.

Kwa hisa, jibu limefanyiwa utafiti. Mwaka 2012 kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ililinganisha njia hizi mbili kwa takwimu za Marekani, Uingereza na Australia, kwa mchanganyiko wa hisa na hati fungani. Ilikuta mkupuo ulishinda takriban mara mbili kati ya tatu. Sababu yake iko wazi: hisa hutoa gawio na hati fungani hutoa riba, kwa hiyo fedha iliyokaa nje inakosa mapato ambayo fedha iliyowekezwa inayapokea.

Matokeo hayo hayahamishwi moja kwa moja kwenye dhahabu. Dhahabu haitoi gawio wala riba. Kipande cha gramu kumi ukikifungia kabatini mwaka 2025, mwaka 2035 utakuta gramu kumi. Kinachobadilika ni bei tu, na bei hiyo imewahi kulala miaka ishirini. Wakati huohuo fedha inayosubiri inaweza kukaa kwenye amana ya muda maalumu, kwenye dhamana za serikali za muda mfupi, au kwenye mfuko wa pamoja wa ukwasi. Asiyetaka riba anaweza kutafuta mfuko unaofuata sharia. Kwa hiyo anayesubiri kuingia kwenye dhahabu hapotezi mapato yaliyo hakika. Huenda hata akayapata huko fedha ilikokaa. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya awamu katika dhahabu, na ina uzito kuliko ile asilimia moja ya hesabu.

Ni vizuri pia kuondoa mkanganyo mmoja unaojitokeza sana Pwani. Kununua kwa awamu hapa ni kununua kipande kizima, kulipa taslimu na kukichukua, kisha mwezi mwingine kununua kingine. Kuchukua mkufu leo na kuulipia kidogo kidogo kwa miezi sita ni jambo jingine. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hawaruhusu, kwa kuwa dhahabu na fedha hupaswa kubadilishana mkono kwa mkono. Na yule anayekusanya kwa awamu atazame uzito wake: nisabu ya zaka ya dhahabu huhesabiwa kuwa gramu 85, na mtu anaweza kuifikia bila kutambua.

Kwenye kaunta ya sonara

Mpaka hapa tumehesabu kwa bei ya London, kana kwamba mtu ananunua huko. Lakini wengi wetu tunanunua dukani, na dukani mizani hugeuka.

Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu kwa sonara kuuza dhahabu aliyoikusanya kwa miaka kadhaa. Kila alipopata mgawo wa kikoba alinunua kitu kidogo: pete, hereni, kikuku chembamba. Alifungua kitambaa, akavimwaga juu ya kaunta. Sonara alivitenga, karati 18 huku na karati 21 kule. Alisugua kila kimoja kwenye jiwe jeusi, akadondoshea tindikali na kutazama mstari. Aling'oa vijiwe vya hereni, kisha ndipo akapima. Shangazi alitoa risiti zake zote kutoka kwenye mkoba. Yule bwana alizisoma kwa adabu na kumrudishia. "Mama, mimi nanunua dhahabu," alisema. "Ufundi ulishalipwa."

Alikuwa anasema kweli. Karati 21 ni dhahabu asilimia 87.5, karati 18 ni asilimia 75, na gharama ya ufundi haimo kwenye mizani. Kila safari ya shangazi dukani ilikuwa imelipa ufundi upya. Alikuwa na nidhamu ya awamu iliyokamilika, lakini kila awamu ilitozwa.

Hata ukiacha mapambo na kununua vipande safi vya karati 24, tatizo linabaki, kwa kuwa kipande kidogo hubeba nyongeza kubwa juu ya bei ya soko kuliko kikubwa. Tuweke mfano. Gramu iwe dola 100 sokoni. Duka liongeze asilimia 12 kwenye kipande cha gramu moja, na asilimia 5 kwenye cha gramu kumi. Nauli ya kwenda na kurudi iwe dola 3. Ukinunua gramu kumi kwa safari kumi, unalipa dola 1,120 za vipande na 30 za nauli, jumla 1,150. Ukinunua kipande kimoja cha gramu kumi unalipa 1,050 na nauli 3, jumla 1,053. Tofauti ni dola 97, karibu gramu nzima. Wa kwanza anahitaji bei ipande asilimia 15 ili fedha yake irudi. Wa pili asilimia 5 na kidogo. Ile faida ya asilimia moja imemezwa mara kadhaa.

Viwango vya kila duka ni vyake, na kuvijua hakuhitaji utaalamu. Onyesha kipande kimoja na uulize mambo mawili papo hapo: unakiuza kiasi gani, na ningekuletea sasa hivi ungekinunua kiasi gani? Gawa tofauti kwa bei ya kuuza. Namba hiyo ndiyo gharama ya kuingia na kutoka. Ikiwa ni asilimia 4, awamu chache zinavumilika. Ikiwa ni asilimia 15, hicho ni pambo hata kama kimefungwa kwenye kadi ya plastiki.

Kwa aliye Kenya kuna njia ya kati. Tangu Machi 2017 mfuko wa NewGold unauzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na kila kipande kinawakilisha takriban sehemu moja ya mia ya wakia. Hakuna ufundi wala jiwe la kusugulia. Kuna ada ya wakala na ada ya mfuko. Huko ndiko awamu ndogondogo zina nafasi halisi. Kasoro yake ni kwamba hukishiki mkononi, na wauzaji na wanunuzi wakiwa wachache bei unayopewa inaweza kuwa mbali na ya London siku hiyo.

Bei mbili ndani ya moja

Jambo la mwisho huwapita wengi. Anayenunua dhahabu kwa shilingi ananunua bei mbili kwa pamoja: ya dhahabu kwa dola, na ya dola kwa shilingi.

Mwisho wa Januari 2024, wakia ilikuwa karibu dola 2,050, na dola moja Nairobi ilikuwa karibu shilingi 160. Wakia ilikuwa basi takriban shilingi 328,000. Februari Kenya ikapata fedha mpya za kulipia sehemu kubwa ya mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa unaiva mwezi Juni, na shilingi ikaimarika kwa kasi. Mwisho wa Machi wakia ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,210, lakini dola ilikuwa shilingi 132 hivi. Wakia ikawa takriban shilingi 292,000. Dunia nzima ilikuwa inasema dhahabu imepanda asilimia 8; aliyeinunua Nairobi kwa mkupuo Januari alikuwa amepungukiwa asilimia 11.

Mshtuko wa namna hii ndio hasa awamu huulainisha, kwa kuwa ni wa miezi michache na hauna uhusiano na dhahabu yenyewe. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, hii ni sababu ya ziada ya kutoingia siku moja, na vitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Marekani havina haja ya kuitaja.

Kiasi gani cha awamu

Tukiunganisha nyuzi hizi, jibu halielekei ncha yoyote. Kugawa ununuzi ni bima dhidi ya siku mbaya na dhidi ya msukosuko wa sarafu. Kwa dhahabu bima hiyo ni nafuu upande wa kusubiri, kwa kuwa hakuna gawio linalokosekana, lakini ni ghali upande wa kaunta. Muda wa kusambaza unaamuliwa na bei. Idadi ya safari inaamuliwa na gharama. Haya mawili si kitu kimoja.

Kwa aliye na fedha mkononi na anayenunua vipande halisi, mafungu manne ndani ya mwaka yanatosha: tarehe moja kila baada ya miezi mitatu, fedha sawa, kipande kikubwa kadiri fungu linavyoruhusu. Anayeweka kila mwezi kutoka kwenye mshahara afanye vivyo hivyo: aweke akiba kila mwezi mahali salama, lakini aende dukani mara nne kwa mwaka. Anayenunua kupitia soko la hisa anaweza kwenda kila mwezi, mradi ada haipiti asilimia moja ya fungu. Kusambaza kwa miaka minane kama wale watu wetu wa mfano kunaacha kuwa bima, kwa maana kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya fedha haijaingia kwenye dhahabu uliyosema unaitaka.

Andika tarehe nne kwenye karatasi kabla ya kununua fungu la kwanza, kwa kuwa kosa la njia hii hujulikana kwa ishara moja. Tarehe ya pili ikifika na bei imepanda, utajiambia ungoje ishuke. Ikishuka, utajiambia ungoje ishuke zaidi. Ukiona umeruka tarehe kwa sababu ya bei, ujue umeshaacha kununua kwa awamu na umeanza kubashiri kama yule wa Septemba 2011, tofauti ikiwa kwamba yeye angalau alikuwa na dhahabu mkononi.